Kabla ya Kujaza Kisanduku cha Dawa cha Baba

Kusahau dawa kuko kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna kusahau kumeza, halafu kuna kusahau kwamba umeshameza. Ya kwanza inakunyima dozi. Ya pili inakupa dozi mbili, na kwa baadhi ya dawa hiyo ni hatari zaidi. Kisanduku cha dawa cha wiki, kile cha plastiki chenye vyumba vya Jumatatu hadi Jumapili, kinaiponya hii ya pili karibu kabisa: ukifungua chumba cha leo asubuhi ukakikuta kitupu, umeshameza, na huna haja ya kubishana na kumbukumbu yako. Ile ya kwanza kinaisaidia kidogo tu, kwa sababu kisanduku hakimwiti mtu. Kinakaa mezani kimya mpaka mwenyewe akikumbuke.

Baba yangu alikuwa na zote mbili. Ana zaidi ya miaka 70, ana presha na sukari, na alikuwa na dawa za aina tano: amlodipini ya miligramu 10 na losatani ya miligramu 50 kwa presha, glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi kwa sukari, metfomini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na atovastatini ya miligramu 20 usiku kwa ajili ya lehemu. Kila alipokwenda kliniki presha yake ilikuwa juu. Mara ya mwisho ilisoma 168 kwa 94, na daktari akaipandisha amlodipini kutoka 5 hadi 10. Nyumbani, ukimuuliza kama amekunywa dawa, alijibu ndiyo kwa uhakika uleule, awe amekunywa au hajanywa. Hakuwa anadanganya. Mtu anayemeza kitu kilekile saa ileile kila siku kwa miaka hawezi kuitenga asubuhi ya leo na ya jana.

Nilipokwenda kununua kisanduku, mfamasia aliniuliza ni cha nani na anatumia dawa gani. Nikamtajia. Akaniambia, "Nunua, lakini usikijaze bado. Nenda kwanza ukahesabu vidonge vilivyobaki, uniletee hesabu." Nilishangaa, akanieleza, na maelezo yake ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya.

Daktari hupandisha dozi kwa kuamini kwamba iliyopo inamezwa. Presha ikibaki juu, anaongeza. Ikibaki juu tena, anaongeza dawa nyingine. Kama mgonjwa anameza nusu tu, karatasi ya dawa inakua huku mwili ukipata kiasi kilekile kidogo. Sasa anatokea mtoto mwenye upendo, anajaza kisanduku, anasimamia, na ghafla mzee anameza kila kilichoandikwa. Dozi ambayo mwili wake haujawahi kuipata yote inaingia yote. Presha inashuka kupita kiasi, sukari nayo inaweza kushuka, na mzee anaanguka akienda msalani usiku. Familia inasema dawa zimemdhuru, na kisanduku kinatupwa kabatini.

Kwa hiyo tulihesabu. Pakti zote zilitolewa siku moja, za kutosha siku 30, na siku 20 zilikuwa zimeshapita. Hesabu yenyewe ni rahisi: dawa ya mara moja kwa siku ilipaswa kubaki vidonge 10, na metfomini, ambayo ni mara mbili, ilipaswa kubaki 20 kati ya 60. Nilikaa na Baba mezani, yeye akihesabu kwa sauti na mimi nikiandika. Nilitaka ahesabu mwenyewe, maana hizi ni dawa zake, na sikupenda ajione kama anayekaguliwa.

Amlodipini zilibaki 14, losatani pia 14. Maana yake asubuhi nne zilikuwa zimempita. Atovastatini, ile ya usiku, zilibaki 19. Alikuwa amemeza 11 tu kati ya 20. Hapo nikaona kwamba tatizo lake kubwa ni la jioni. Asubuhi ana mpangilio: anaamka, ananawa, anakaa mezani. Jioni zake hazifanani.

Metfomini zilibaki 37. Yaani alikuwa amemeza 23 badala ya 40. Nilijaribu kulinganisha: kama asubuhi alimeza mara 16 kama zile za presha, na jioni mara 11 kama ile ya lehemu, jumla ingekuwa 27. Kulikuwa na vidonge vinne vya ziada ambavyo kusahau peke yake hakukuvieleza. Niliviandika pembeni na kuweka alama ya kuuliza.

Kilichonitisha ni glibenklamidi. Zilibaki 8. Zilipaswa kubaki 10 hata kama hakukosa siku moja. Alikuwa amemeza zaidi ya alivyoandikiwa. Tulipoongea ikajulikana: ile pakti ilikaa mezani kwa sababu aliambiwa aimeze anapoanza kula, na zile nyingine zilikaa chumbani. Akishakula, anakwenda chumbani kumeza za presha, kisha akirudi mezani na kuiona pakti ya glibenklamidi, anadhani hajaimeza. Hiyo ni ile aina ya pili ya kusahau. Glibenklamidi ni dawa inayolazimisha kongosho kutoa insulini mtu awe amekula au hajala, na kwa wazee hukaa mwilini muda mrefu. Nilikumbuka asubuhi kadhaa ambazo kabla ya saa sita alikuwa anatoka jasho na kusema mikono inatetemeka, akala kitu, ikapita. Sote tulidhani ni uchovu.

Mfamasia alipoziona namba hizo alituambia tusingoje tarehe ya kliniki. Tulikwenda kwa daktari wake siku ileile tukiwa na karatasi ya hesabu, na mazungumzo yakawa tofauti kabisa na ya miezi iliyopita. Badala ya "presha bado iko juu, tuongeze", daktari alisema: kumbe hatujui bado hizi dawa zinafanya kazi kiasi gani, kwa sababu hazijawahi kumezwa zote. Akairudisha amlodipini kuwa miligramu 5. Glibenklamidi akaiondoa na kumwandikia gliklazidi, ambayo ni ya familia moja lakini haishushi sukari kwa ghafla mara nyingi kama ile. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu linasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa waliovuka miaka 60. Akaagiza pia kipimo cha vitamini B12. Metfomini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kuipunguza vitamini hiyo mwilini, na upungufu wake unaweza wenyewe kuleta usahaulifu, kwa hiyo haifai kumwita mzee msahaulifu kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachomsahaulisha. Majibu ya Baba yalikuwa mazuri.

Ndipo tukajaza.

Kisanduku nilichochagua kina safu mbili, asubuhi na jioni, vyumba 14. Dukani vilikuwepo vya safu nne, vyenye asubuhi, mchana, jioni na usiku, na nilivutiwa navyo kwa kuwa vilionekana kamili. Lakini Baba hana dawa ya mchana. Chumba kilicho kitupu tangu mwanzo kinaharibu lugha yote ya kisanduku, kwa sababu kitupu lazima kimaanishe jambo moja tu: zimeshamezwa. Nilimpa pia ajaribu vifuniko palepale dukani. Vidole vyake ni vigumu asubuhi, na kimoja kilimshinda kufungua. Kingine kilifunguka chenyewe kilipogeuzwa. Tulichukua cha tatu, chenye maandishi makubwa meusi.

Jinsi ya kujaza ni hivi. Osha mikono na uikaushe vizuri, kwa sababu unyevu ni adui wa vidonge vilivyotolewa kwenye pakti. Kaa penye mwanga, zima redio. Chukua dawa moja tu, soma jina na miligramu kwenye pakti, kisha itie kwenye siku zote saba kabla hujagusa dawa nyingine. Usijaze kwa siku, yaani Jumatatu dawa zote halafu Jumanne dawa zote, maana utakuwa unashika pakti tano kwa zamu na macho yatachoka. Ukimaliza dawa moja, pakti yake iweke upande wa pili wa meza. Mwishoni hesabu. Kwa Baba, baada ya mabadiliko ya daktari, asubuhi ni vidonge vinne na jioni viwili. Kila chumba cha asubuhi lazima kiwe na vinne, kila cha jioni viwili, na kisanduku kizima 42. Kikipungua au kuzidi kimoja, unaanza upya hiyo dawa, hukisii.

Jaza wiki moja tu. Daktari akibadilisha dozi katikati, ni rahisi kurekebisha wiki moja kuliko mwezi. Pakti zenyewe usizitupe, kwa sababu kidonge kikishatoka hakina tena jina wala tarehe ya kuharibika. Sisi tunakata jina la dawa kutoka kwenye boksi na kulibandika kwenye daftari, pembeni tunaandika kidonge kikoje: cheupe, duara, kina mstari katikati. Wakati mmoja losatani zilikuja kutoka kiwanda kingine zikiwa na rangi tofauti kabisa, na daftari hilo ndilo lililomsaidia Baba kuelewa kwamba dawa ni ileile, wala hajaongezewa ya sita.

Si kila dawa inaingia humo. Parasetamoli za magoti yake tuliziacha nje, kwa sababu dawa inayomezwa pale tu maumivu yanapokuja haina siku yake. Mwenye vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya kifua asivitoe kwenye chupa yake kamwe, vinapoteza nguvu. Valproeti ya kifafa inanyonya unyevu. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, na ikiingia kimakosa kwenye vyumba vya kila siku inaweza kuua. Wafarini, ambayo dozi yake hubadilika kufuatana na kipimo cha damu, inahitaji mpango wake. Orodha yako mpelekee mfamasia aipitie kabla hujatoboa pakti hata moja. Kuna wanaokata pakti kwa mkasi na kutia kidonge pamoja na foili yake ili kisipate unyevu, lakini mzee asiyeona vizuri anaweza kukimeza na foili yake, na kingo zake zinachana koo.

Na kama kuna watoto wadogo nyumbani, kisanduku hiki hakiwazuii hata kidogo. Kimetengenezwa kifunguke kwa urahisi. Kidonge kimoja tu cha gliklazidi kinaweza kumwangusha mtoto mdogo sukari kwa hatari. Chetu kinakaa juu, mahali Baba anapofika akisimama na wajukuu hawafiki hata wakipanda kiti.

Wiki mbili za kwanza daktari alitaka tupime. Presha tulipima Baba akiwa amekaa kwa utulivu dakika tano, kisha anasimama na tunapima tena baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, au ya chini kwa 10, ni dalili kwamba anaweza kuanguka siku moja, na hapo unampigia daktari. Wala usiridhike na siku mbili za kwanza. Amlodipini hujikusanya mwilini polepole, na kiwango chake hutulia baada ya siku saba au nane, kwa hiyo athari ya kumeza kila siku inaonekana wiki ya pili. Sukari tulipima kabla ya kula na kila alipojisikia vibaya. Chini ya milimoli 4 kwa lita alitakiwa kupata gramu 15 za sukari, kwa maji ya sukari au juisi, na kupimwa tena baada ya dakika 15. Haikufika huko. Presha ilikaa 138 akiwa ameketi na 129 akisimama, kwa amlodipini ileile ya miligramu 5 iliyodhaniwa kuwa imeshindwa.

Basi kisanduku kikaanza kusema. Kila Jumapili kabla ya kujaza upya, tulikiangalia kilivyobaki. Nawasihi wenzangu msiharakishe kukijaza bila kukisoma kwanza, kwa sababu kilichobaki ndani ni habari ambayo huwezi kuipata kwa kuuliza. Chumba chote kikibaki kimejaa, mtu alisahau, au hakuwepo. Jioni za Alhamisi zilibaki zimejaa kila wiki, na sababu haikuwa ngumu: hiyo ndiyo siku anayokwenda kucheza drafti na rafiki zake, anakula hukohuko, anarudi na usingizi. Atovastatini mfamasia aliihamishia asubuhi, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu na haidai usiku kama simvastatini, dawa nyingine ya lehemu.

Chumba kikibaki na kidonge kimoja kati ya kadhaa ni habari nyingine kabisa. Jumapili ya tatu niliona asubuhi mbili zikiwa na kidonge kimoja kikubwa cheupe peke yake. Vingine vyote vilikuwa vimemezwa. Mtu hasahau kidonge kimoja kilichokuwa kiganjani pamoja na wenzake. Kilikuwa metfomini, na nikakumbuka vile vinne nilivyoviwekea alama ya kuuliza.

"Baba, hiki kimekukwaza nini?"

Alikaa kimya kidogo. "Kinanivuruga tumbo, mama. Siku nikiwa na safari siwezi kukimeza, nitahangaika kutafuta choo njiani."

"Mbona ulikuwa unasema umesahau?"

"Nikisema nimesahau, mnanionea huruma. Nikisema sitaki, mnanigombeza."

Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Tulikuwa tumemfanya achague kati ya kuonekana mzee asiyekumbuka na mzee mkaidi, na yeye alichagua kilichomletea amani. Nilimwambia kwamba kuharisha kwa metfomini ni jambo linalojulikana na kwamba lina njia. Daktari alimbadilishia metfomini inayotoka polepole, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, pamoja na chakula cha jioni. Hii haikatwi wala kusagwa, kwa sababu ukiivunja dawa yote inatoka kwa mkupuo. Siku ya Alhamisi anaimeza na chakula anachokula nyumbani mapema, kabla ya kuondoka. Hachukui vidonge mfukoni, ili kisanduku kisiseme vimemezwa wakati viko kwenye koti.

Sasa hesabu yake ni asubuhi amlodipini, losatani, gliklazidi na atovastatini, jioni metfomini mbili. Bado ni 42 kwa wiki. Kwenye kifuniko tumebandika karatasi yenye maneno yake mwenyewe: "Ikipita, isirudishwe mara mbili." Vya presha akivikumbuka mchana anameza. Gliklazidi kama mlo umeshapita anaiacha mpaka kesho. Vilivyoachwa vinabaki kwenye chumba chao mpaka Jumapili, vionekane.

Siku hizi anajaza mwenyewe na mimi nahesabu. Nikiwa mbali ananitumia picha kisanduku kikiwa wazi. Ninachokichunguza kila wiki ni jambo moja ambalo kisanduku hakiwezi kulitibu: kama vyumba vinafunguliwa kwa mpangilio. Akiruka siku, ni kusahau kwa kawaida. Nikikuta Jumatano na Ijumaa tupu, Jumatatu imejaa, na yeye hajui kwa nini, itakuwa amepoteza siku zenyewe, na siku hiyo kisanduku kitahamia mikononi mwa mtu mwingine wa nyumbani atakayempa dozi kwa mkono, naye Baba atapelekwa kupimwa kumbukumbu. Tumeshaliongea hilo sisi wawili. Alisema mdogo wangu ndiye ashike, kwa kuwa ana subira kunizidi, na nimeliandika kwenye daftari pamoja na namba ya simu ya mfamasia.